Tani za Fomu na Tani za Lori



Msimu wa ndengu ukifika, malori hupakiwa Mwingi na Kitui mpaka magunia yapite mbao za ubavuni. Dereva akiuliza, huambiwa, "Bima ipo, twende." Bima ipo kweli, lakini yafaa tujue itamlipa nani.

Tuseme lori lina ekseli mbili. Sheria yaliruhusu tani 18, gari na mzigo pamoja. Likiwa tupu lina tani 8, kwa hiyo mzigo wake ni tani 10. Kwa magunia ya kilo 90, hayo ni magunia 110 hivi. Tajiri akapakia 150, yaani tani 13 na nusu. Tena katika fomu ya bima alikuwa ameandika tani 7, ili alipe kidogo. Hapa pana makosa mawili, si moja.

Lori lateremka kuelekea Mto Athi katika barabara ya Kitui na Kibwezi. Breki zapata moto, zashindwa, lori lapinduka na kumjeruhi mpita njia.

Kwanza, lori lenyewe. Mkaguzi wa bima atahesabu magunia, atasoma hati ya mzigo, kisha atalinganisha na fomu. Ikiwa bima ina sharti la kutozidisha uzito, tajiri aweza kunyimwa gharama ya matengenezo. Ndengu nazo hazimo katika bima ya lori. Zahitaji bima yake ya safarini.

Pili, mpita njia. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, haikubali anyimwe kwa sababu ya uzito wa mzigo tu. Kampuni humlipa, kisha humdai tajiri fedha hizo. Lakini uwongo wa fomu ni jambo zito zaidi. Kampuni yaweza kuiomba mahakama itamke kwamba bima ilipatikana kwa maelezo ya uwongo, nayo ijitoe. Ikishinda, majeruhi amebaki na tajiri peke yake, ambaye pengine mali yake yote ilikuwa lori lile lile.

Tatu, dereva na utingo. Bima ya lazima ya gari haiwahusu waajiriwa wa tajiri wanaoumia wakiwa kazini. Haki yao imo katika sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya wanaoumia kazini, nayo yamtaka mwajiri awe na bima nyingine kwa ajili yao.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kabla ya kupakia, dereva aonyeshwe tani zilizoandikwa katika fomu, na apewe idadi ya magunia kwa maandishi, yenye sahihi ya aliyeamuru. Aweke nakala nyumbani, si ndani ya gari. Aulize pia kama bima ya wafanyakazi imelipwa. Tajiri anayekataa kuonyesha karatasi hizo amekwisha kutujibu.