Salamu za Msiba Kutoka Uajemi

Hapa Mpanda tumezoea misiba ya lugha nyingi. Kifipa, Kibende, Kisukuma na Kirundi vyote husikika matangani, na daima yupo mtu wa kutafsiri. Mwezi huu tutazame lugha ya mbali zaidi: Kiajemi, lugha ya Irani, iliyotupatia zamani maneno kama bandari na bustani.

Chukua mfano huu. Dada wa Kiajemi ameolewa huku kwetu, naye amefiwa na mama yake kule kwao. Kaka yake ametuma maneno machache ya kumwaga marehemu, sentensi tano tu. Akina mama wameketi mkekani kumfariji mfiwa, na wewe umeombwa uyasome kwa Kiswahili.

Sentensi ya kwanza, neno kwa neno, inasema: "Mama yetu wametoka kati yetu." Si makosa. Mwajemi humtaja mtu mmoja kwa wingi akitaka kumheshimu. Kwetu ukisema "wametoka", watu watauliza ni nani mwingine aliyefariki. Basi rudi kwenye umoja, na heshima uiweke katika kitenzi: "Mama yetu ametutoka." Usiseme "amekufa", kwa maana kaka hakutumia neno kali.

Ya pili inasema kwamba kivuli chake kimepungua juu ya vichwa vyao. Kwa Waajemi mzazi ni kivuli kinachokukinga na jua. Kwetu pia mti hutupa kivuli, lakini kivuli cha marehemu kikitajwa peke yake, wengine watafikiri habari za mizimu. Mweke msikilizaji chini ya mti: "Tulikaa chini ya kivuli chake, na sasa hakipo."

Ya tatu ni fupi mno: "Mahali pake pako tupu." Ukisema "nafasi yake iko wazi", inasikika kama tangazo la kazi. Ukisema "ameacha pengo lisilozibika", umeongeza chumvi. Waajemi hutumia maneno hayo hayo hata karamuni, wakimkumbuka ndugu ambaye hakuweza kufika. Ni maneno ya nyumbani, na uzito wake umo katika upole huo. "Mahali pake pamebaki patupu" inatosha.

Ya nne huiombea roho yake iwe na furaha. Neno furaha hushtua matangani, ila "raha" tumelizoea katika sala za marehemu: "Roho yake na ipate raha." Hapa wengi wetu tungekimbilia kusema Mungu ailaze mahali pema. Ni maneno mazuri, lakini kaka hakuyasema. Kama unataka kuomba hivyo, ngoja zamu yako ya sala.

Ya tano inawageukia waliohudhuria: "Hii iwe huzuni yenu ya mwisho." Mwajemi huwatakia wafiwa na wafariji wasipatwe na msiba tena. Lakini bibi mmoja mkekani aweza kuelewa kwamba anatabiriwa kifo chake mwenyewe! Toa maana, acha umbo: "Msifikwe na msiba mwingine."

Jihadhari pia na kupitia Kiingereza, kama watu wengi wafanyavyo. Kiajemi, kama Kiswahili, hutumia neno moja kwa "yeye" mwanamume na "yeye" mwanamke. Kiingereza hulazimisha kuchagua, na mtu akikosea, mama hugeuka kuwa baba. Ule wingi wa heshima nao hupotea njiani. Heri umketishe dada mwenyewe pembeni, akueleze kila sentensi kwa Kiswahili chake, hata kama ni cha kuokoteza.

Kisha hesabu. Zilikuwa sentensi tano. Zikiwa nane, umeongeza vilio vyako. Ukikuta neno "jamani" au "masikini" ambalo kaka hakuliandika, lifute. Mrudie dada, umwambie kwa maneno mepesi ulichoandika, naye akubali kabla hujasimama. Kama barua ina beti za shairi, jambo la kawaida kwa Waajemi, usihangaike na vina. Eleza maana yake kwa sentensi moja.

Siku yenyewe, dada au jamaa yake asome kwanza Kiajemi, watu wasikie sauti ya kwao. Nyamaza kidogo, kisha soma taratibu, bila kuigiza kilio:

"Mama yetu ametutoka. Tulikaa chini ya kivuli chake, na sasa hakipo. Mahali pake pamebaki patupu. Roho yake na ipate raha. Nanyi mliokuja kutufariji, msifikwe na msiba mwingine."

Ukimaliza, keti. Wenye kulia watalia wenyewe.