Uso Mmoja, Mikanda Mitatu

Aghalabu vijana wa mitaa yetu ya Eastlands hudhani kwamba anayetaka kupendeza Jumamosi, ofisini na arusini sharti awe na saa tatu. Sikubaliani nao. Saa moja yatosha, mradi uso wake uwe mtulivu.

Ndugu yangu wa Umoja aliitwa kwenye mahojiano ya kazi akiwa na saa aliyoinunua Gikomba: uso mpana wa milimita 46, wenye visaa vidogo vitatu ndani yake, na unene wa milimita 15 hivi. Asubuhi hiyo mkono wa shati ulikataa kufungika juu yake. Akaukunja, akavaa koti, na muda wote wa mahojiano akawa anauficha mkono chini ya meza.

Saa aliyoinunua baadaye ina upana wa milimita 38 na unene wa milimita 9. Uso ni mweupe, una akrabu nyembamba na vistari badala ya tarakimu. (Kwetu sisi tunaotazama 1 tukasema saa saba, tarakimu hata hivyo ni pambo tu.) Uso wa namna hii hauikani suti wala haulioni haya fulana.

Kazi iliyobaki ni ya mkanda. Kwanza pima nafasi iliyo kati ya masikio mawili ya saa yanayoushika mkanda. Yake ni milimita 20. Mkanda wa milimita 18 utachezacheza na kuacha mwanya; wa 22 utajikunja kingo. Kwa suti huvaa ngozi nyeusi, laini, isiyo na mishono ya rangi nyingine, ifanane na viatu vyeusi. Kwa ofisi ni ngozi ya kahawia, mradi viatu na mshipi viwe vya kahawia pia, hata kama si kahawia ile ile. Siku ya jinzi na raba, huvaa nailoni ya kijani kibichi, ambayo hufuliwa kwa sabuni jasho likizidi. Nailoni hiyo hupita chini ya saa na kuinyanyua kidogo, kwa hiyo haifai chini ya mkono wa shati.

Katika kununua ngozi, ukunje mkanda palipo na matundu na utazame. Ukiona rangi ikipasuka kama ganda, hiyo ni plastiki iliyopakwa juu ya ngozi hafifu. Haitamaliza miezi mingi.

Hasara ya mpango huu naikiri: kubadilisha mikanda ya ngozi kila mara kwa ncha ya kisu huchubua saa, na vile vijiti vya springi huchoka. Kijiti kilicholegea huichomoa saa mkononi ndani ya matatu bila mwenyewe kujua. Ndugu yangu huvuta mkanda kidogo kila anapoubadilisha, na kijiti kikicheza humpelekea fundi akakibadilishe.