Siku ya kumi na tano

Na Kulwa Masunga

"Jaribu BURE siku 14! Kuanzia sh. 15,000 tu kwa mwezi. Ghairi wakati wowote."

Ofa za namna hii sasa zinamfikia mwenye duka la pembejeo mjini Bariadi kwenye simu yake. Chukua mfano wa apu ya daftari la duka, inayohesabu mifuko ya mbegu iliyobaki na kukumbusha nani anadaiwa. Chini ya maneno hayo makubwa kuna mstari mdogo wa kijivu: "Usajili hujihuisha kiotomatiki isipokuwa ukisitishwa kabla ya mwisho wa kipindi. Vigezo na masharti kuzingatiwa." Hakuna neno la uongo hapo. Hata hivyo mwenye duka akimaliza kusoma hajui siku ya kumi na tano itamkuta na nini.

Hajui kwa sababu mazoea yake yanamwambia kitu kingine. Umeme wa LUKU ukiisha, taa inazimika. Kifurushi cha king'amuzi kikiisha, picha inakatika. Bando likiisha, mtandao unagoma. Kwa mkazi wa Bariadi, Maswa au Meatu, kitu kuisha maana yake ni kusimama hadi mwenyewe alipe tena. Anaposoma "bure siku 14" anaelewa kwamba siku hizo zikipita huduma itafungwa, na akiipenda atalipia. Mwandishi wa ofa aliyezoea malipo ya kadi anamaanisha kinyume chake: siku zikipita huduma itaendelea na pesa itakatwa. Ofa isiposema wazi ni lipi kati ya hayo mawili, msomaji atashika lile analoishi nalo kila siku.

Jibu linategemea njia ya malipo. Malipo ya kawaida ya pesa za simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa, humtaka mtu aweke namba ya siri, kwa hiyo ana nafasi ya kukataa. Kadi haina kizuizi hicho: ikishasajiliwa, iwe ya benki au ile ya kidijitali inayotengenezwa ndani ya pochi ya simu, huweza kukatwa bila mwenyewe kuulizwa tena. Salio la muda wa maongezi nalo hukatwa kimya kimya, na ndilo linalowaumiza wengi waliojiunga na huduma za ujumbe mfupi. Kama siku ya makato salio halitoshi, mfumo huweza kujaribu tena baadaye. Mtu anaongeza salio, anakuta limepungua, na amekwisha kusahau kwamba aliwahi kujiunga na chochote.

Kadi nayo huweza kujaribiwa tena. Simiyu ni mkoa wa pamba, na fedha za wengi huingia kwa msimu. Mwenye duka aliyejiunga wakati kadi iko tupu anaweza kudhani amesalimika, kumbe makato yanasubiri aweke fedha za kununulia mzigo. Ofa ya kweli inasema pia hilo: wakikosa pesa siku hiyo watajaribu mara ngapi, na huduma itafungwa lini.

Sasa ofa ile iandikwe upya. Tuseme mwenye duka anajiunga Jumatatu, 1 Juni 2026, saa 3 asubuhi. Ile "kuanzia sh. 15,000 kwa mwezi" kumbe ni bei ya mpango wa mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12, na inalipwa yote kwa mkupuo. Kiasi kitakachotoka kwenye kadi ni sh. 180,000. Hicho ndicho kiasi kinachostahili herufi kubwa, kwa kuwa ndicho atakachokiona kwenye taarifa ya benki. Maneno mapya yangekuwa haya:

"Tumia bure hadi Jumatatu, 15 Juni 2026, saa 3 asubuhi. Leo hatukati chochote. Usipojitoa kabla ya saa hiyo, tutakata sh. 180,000 kwenye kadi yako, VAT ikiwemo. Hayo ni malipo ya mwaka mzima. Tutakata tena kila 15 Juni mpaka utakapojitoa. Kujitoa: fungua Akaunti, kisha bonyeza Jitoe. Kuifuta apu kwenye simu hakuzuii makato. Ukijitoa leo utaendelea kutumia bure hadi 15 Juni."

Ni maneno mengi kuliko ya mwanzo, na yanastahili nafasi hiyo. Tarehe inamwondolea msomaji kazi ya kuhesabu na kujiuliza kama siku ya kujiunga nayo inahesabiwa. Saa pia lazima iandikwe tunavyoisoma sisi. Mfumo ukiandika "saa 9:00" ukimaanisha asubuhi, msomaji wa Bariadi ataelewa ni alasiri, na akienda kujitoa saa 8 mchana pesa itakuwa imeshakatwa saa tano kabla. Kosa hilo huingia kirahisi pale maneno yanapotolewa kwenye mfumo wa kigeni na kubandikwa yalivyo.

Sentensi ya kuifuta apu isiachwe kwa hali yoyote. Watu wengi huamini kwamba kuiondoa apu kwenye simu ndiko kujitoa. Kwenye Google Play sivyo: apu inaondoka, usajili unabaki, makato yanaendelea.

Bado kuna jambo ambalo ofa nyingi hazigusi kabisa, nalo ni daftari lenyewe. Katika wiki mbili mwenye duka ameshaingiza majina ya wadaiwa na kiasi anachomdai kila mmoja. Akijitoa, kumbukumbu hizo zinafutwa, zinafungwa mpaka alipe, au anaweza kuzipakua? Kama hilo halikusemwa mapema, atalipa sh. 180,000 kwa kuogopa kupoteza madeni yake, si kwa kuipenda huduma. Sentensi moja inatosha: "Ukijitoa, utaweza kusoma na kupakua daftari lako kwa siku 30, kisha litafutwa."

Wauzaji wengine watasema uwazi huu utapunguza wanaojiunga. Inawezekana kabisa. Watakaopungua ni wale ambao wangekuja kulalamika benki na kudai fedha zao zirudi, na madai hayo yana gharama kwa muuzaji. Ndiyo maana tangu Aprili 2020 Visa inawataka wafanyabiashara wanaotoa majaribio ya aina hii kupata ridhaa ya wazi ya mteja na kumkumbusha kabla ya makato kuanza. Google nayo inawataka wenye apu waeleze lini na vipi jaribio litageuka kuwa la kulipia, na kwa bei gani. Hapa nyumbani, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Marekani, Septemba 2025, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza shauri la mamlaka ya biashara ya huko, FTC, iliyodai kwamba watu waliunganishwa na Prime bila ridhaa ya wazi na kuwekewa ugumu wa kujitoa.

Kupima kama maneno yameeleweka hakuhitaji mtaalamu. Muuzaji aende sokoni Bariadi, awape watu watano wasomee ofa kwenye simu zao, kisha aiondoe na kuwauliza: tarehe 15 kutatokea nini, kiasi gani, kitatoka wapi, na ukitaka kuzuia unafanyaje? Wakibabaika kwenye swali moja, sentensi inayolijibu ndiyo ya kuandikwa upya. Baada ya hapo aangalie kitufe. Kama bado kimeandikwa "Anza bure" peke yake, kiandikwe: "Anza bure, kisha sh. 180,000 tarehe 15 Juni."