Kopi ya egzame si ya kutupa: kuitazama mbele ya egzame inayokuja



Egzame ya semestri ya kwanza imekwisha, na buletini zimetoka. Katika nyumba nyingi mama anaangalia asilimia chini ya karatasi, anafurahi ao anagomba, kisha buletini inaingia ndani ya valizi. Kopi yenyewe, ile yenye biki nyekundu ya mwalimu, inaenda kufungia karanga. Lakini buletini inasema tu mtoto alipata ngapi. Haisemi alipoteza wapi, wala ni saa gani za kujifunza zilimletea pointi. Kopi ndiyo inasema.

Juma hili ninaongea hasa na wamama wenye mtoto finalisti, yule wa mwaka wa sita wa sekondari anayengojea Egzame ya Eta. Egzame ile tunaijua tangu mwaka 1967. Mtoto anaifanya siku nne, kwa maulizo yenye majibu ya kuchagua, na kopi yake hairudi nyumbani hata siku moja. Kinachorudi ni jina kwenye listi na asilimia. Kwa hiyo egzame ya semestri, inayofanyika hapa kwenye masomo yenu, ndiyo ya mwisho kubwa ambayo mtoto anaweza kushika mkononi na kuiuliza: plani yangu ilifanya nini?

Mama asiseme, “Mimi sikusoma hesabu, nitasaidia nini?” Kazi hii haiombi ujue hesabu. Inaomba ukae pembeni ya mtoto saa moja, na umuulize neno moja juu ya kila pointi iliyopotea: ilipotea kwa njia gani?

Njia ni ine. Ya kwanza, jambo lile hakulisoma kabisa. Ya pili, alilisoma nyumbani, lakini kwenye egzame halikurudi kichwani. Ya tatu, alilijua, lakini alisoma ulizo vibaya akajibu lingine. Ya ine, alilijua, lakini saa ilimwishia. Chora mistari ine kwenye karatasi, na kila pointi iliyopotea iingie mahali pake.

Watoto wengi watasema, “Mama, nilijua yote, ni saa tu ilipunguka.” Usikubali mbiombio, jaribu kwanza. Mpe ulizo lile tena, kaye imefungwa, bila haraka. Akilifanya vizuri, ni kweli, ilikuwa saa. Akishindwa, mwambie afungue kaye. Akipata ukurasa na kusema, “Ah, ndiyo, ni hii,” basi alilisoma na likapotea. Asipopata ukurasa, hakulisoma, ao siku ile hakukuwa kwenye masomo. Na kwa njia ya tatu, mwambie akuelezee kwa Kiswahili ulizo linaomba nini. Egzame iko kwa Kifaransa, na mara nyingi mtoto anajua hesabu lakini neno moja la ulizo lilimpita. Hapo utasikia mwenyewe, hata kama hesabu yenyewe huijui.

Sasa tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Binti mmoja finalisti amepata 17 juu ya 40 kwenye hesabu. Plani yake ya majuma matatu ilikuwa hivi: toka siku ya kwanza mpaka siku ya tano, mangaribi nyuma ya bukari, saa moja ya kusoma kaye. Siku ya posho, saa mbili na rafiki yake, wanafanya itemu za miaka iliyopita. Ukihesabu, mangaribi zote ni saa 15, na siku za posho ni saa 6. Mama yake anaona mtoto amechoka, anasema, “Umesoma sana, kwa nini 17?”

Wanakaa na kopi. Pointi zilizopotea ni 23. Kwenye njia ya kwanza wanaandika 8: ni probabilite, sura ya mwisho, ambayo binti hana kwenye kaye yake. Kwenye njia ya pili, 9: zote ni integrali. Kwenye njia ya tatu, 2 tu: ulizo la derive liliomba ni kwa x gani fonksio inafika juu kabisa, yeye akaandika urefu wenyewe. Kwenye njia ya ine, 4: ulizo la mwisho, nalo la derive, ambalo hakufika. Walipojaribu tena nyumbani, alilimaliza vizuri. Ukijumlisha 8 na 9 na 2 na 4, ni 23. Hakuna pointi iliyobaki inje.

Wengi wangesimamia hapo, na wangekosa nusu ya habari. Pointi alizopata nazo ziulizwe: zilitoka wapi? Katika zile 17, pointi 12 ni za derive, sura waliyofanya siku za posho kwa itemu. Tatu ni za integrali, sura ya mangaribi. Na mbili ni za probabilite, pale alichagua jibu bila kujua na likaangukia vizuri. Hizi mbili msizihesabu kuwa zake. Kwenye itemu zenye majibu matano, anayechagua macho yamefungwa anapata moja juu ya tano, lakini bahati ile haitamfuata kwenye egzame nyingine. Kwa hiyo mfundishe mtoto, kuanzia sasa, aweke alama ndogo kwenye karatasi yake ya kazi, pembeni ya kila jibu alilobahatisha, ili siku ya kuitazama kopi asijidanganye.

Sasa weka pointi pembeni ya plani. Maulizo ya derive aliyofikia yalikuwa na pointi 14, akapata 12, kwa saa 6 za siku za posho. Maulizo ya integrali yalikuwa na 12, akapata 3, kwa saa 15 za mangaribi. Uvivu haukuwa shida. Saa nyingi ziliingia katika kazi iliyozaa kidogo, na saa chache katika kazi iliyozaa sana.

Kwa nini? Kusoma kaye tena na tena kunadanganya. Mtoto anaona maneno anayoyafahamu, moyo unatulia, anafikiri anajua. Lakini egzame haimuulizi kama anatambua ukurasa. Inamwomba autoe kichwani bila kaye. Kwenye itemu anazoea kutoa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Amerika, Roediger na Karpicke, walijaribu jambo hili na wanafunzi. Kundi moja lilisoma maandiko mara mbili. Lingine lilisoma mara moja, kisha likafunga na kuandika yote waliyokumbuka. Nyuma ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele: 81 juu ya mia, na wengine 75. Lakini nyuma ya juma moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka walibaki na 56, na waliosoma mara mbili walibaki na 42. Ndiyo sababu mtoto anakujibu vizuri usiku, na asubuhi ya egzame anatazama dari.

Lakini tuwe waangalifu. Egzame moja haimalizi maneno. Labda integrali ni ngumu kuliko derive. Labda rafiki yake ndiye mwalimu mzuri, si itemu. Labda mangaribi zile kurani ilikuwa imekatika na binti alikuwa anasoma na mshumaa, usingizi machoni. Mama muulize na hayo, kisha badilisha jambo moja kubwa tu katika plani. Ukibadilisha yote mara moja, hutajua ni gani lililosaidia.

Kwa binti wetu, jambo lile ni hili: saa za mangaribi zinabaki zile zile, lakini kazi inageuka. Dakika kumi za kwanza anasoma sura. Kisha anafunga kaye na kuiweka mahali pengine, hata jikoni kwa mama. Dakika makumi tatu anafanya maulizo kwa karatasi tupu. Mwishoni anafungua kaye na kusahihisha kwa biki ya rangi nyingine. Yale aliyokosa anayarudilia siku tatu nyuma yake, na si usiku ule ule tu, kwa sababu usiku ule bado yako moto kichwani.

Yale mengine yana dawa ndogo ndogo. Kwa probabilite, aazime kaye ya mwenzake juma hili, si mwezi wa tano, na amuombe mwalimu amuonyeshe alipokwama. Kwa ulizo lililosomwa vibaya, apige mstari chini ya neno linaloomba, mbele ya kuanza hesabu. Kwa saa, aanze na maulizo anayoyajua, yale yanayomkwamisha ayaruke na kuyarudilia, na asikae dakika ishirini na moja tu.

Namna gani tutajua kama plani mpya inafaa? Hatungojei mwezi wa sita. Interogasio ya kwanza ya integrali ikirudi, mama anatoa ile karatasi yenye mistari ine na kuijaza tena. Kama pointi za njia ya pili zimepunguka, plani inafanya kazi. Kama zimebaki vile vile, basi shida si kukumbuka. Pengine hakuelewa sura yenyewe tangu mwanzo, na hapo itemu hata mia hazitamsaidia, anahitaji mtu wa kumuelezea upya.

Neno moja juu ya kopi zisizorudi. Masomo mengine yanazichunga kwenye biro. Mama anaweza kwenda kwa titulere kwa heshima, na kuomba mtoto aitazame kopi pale pale na kuandika pointi za kila ulizo. Hatuendi kubishana juu ya pointi, na ukisema vile tangu mlangoni, mwalimu atakusikiliza vizuri zaidi. Na kwa egzame zinazokuja, mtoto azoee kuandika mangaribi ile ile, mbele ya kusahau, maulizo aliyokumbuka, alivyojibu, na wapi saa ilimwishia.

Karatasi ile yenye mistari ine ichungwe pamoja na buletini. Wenye watoto wa shule ya msingi, juma lijalo ni zamu yenu: tutaongea juu ya imla, na ginsi ya kujua kama mtoto anakosa kwa sababu hasikii neno ao kwa sababu hajui kuliandika.