Laki tatu zilizofunika milioni arobaini na tano

Baraza la madiwani la halmashauri moja, ambayo sitaitaja, limeipokea taarifa ya utekelezaji wa mradi wa soko kwa robo iliyoishia 31 Machi, kisha likaagiza yafanyike "marekebisho madogo ya kiuchapishaji". Agizo hilo ndilo lililonikera. Diwani mmoja alikuwa amesimama akaeleza kwamba jumla ya matumizi iliyoandikwa ndani ya taarifa ni Sh 401,352,000, ilhali Kiambatisho C, chenye mchanganuo wa gharama, kinaishia kwenye Sh 401,000,000. Akajibiwa kwamba tofauti ni Sh 352,000 tu, haifiki hata shilingi moja katika kila elfu, na kwamba Mheshimiwa asilicheleweshe baraza. Tarakimu ya kwanza ikafutwa, ikaandikwa ya pili, watu wakaenda kula.

Nasema lilikuwa kosa, tena kosa la kizembe. Jumla mbili zisipolingana, hakuna anayejua ipi ni sahihi mpaka aifuate tofauti hadi kwenye mstari ilikozaliwa. Kuibadilisha moja ifanane na nyingine ni kufuta alama ya pekee iliyokuwa inaonyesha kuna kasoro. (Tarakimu za hapa nimezigeuza kidogo ili mradi usitambulike, lakini mahesabu yamebaki na sura yake.)

Wanaolitetea baraza wana hoja zao. Wanasema madiwani si wahasibu, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali yupo. Ni kweli yupo, na Katiba inamtaka akague hesabu angalau mara moja kwa mwaka. Lakini mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi ya mwaka unaofuata. Kufikia hapo mkandarasi wa soko ameshalipwa na kuondoka. Wengine wanasema tofauti ndogo hutokana na kukadiria tarakimu. Hiyo nayo inapimika. Mistari ya Kiambatisho C ni 6, na yote inaishia kwenye laki kamili. Hata kama kila mstari ulikadiriwa kwenye laki iliyo karibu, kila mmoja hauwezi kukosea zaidi ya Sh 50,000, na yote 6 ikikosea kwa upande mmoja haipiti Sh 300,000. Laki tatu na elfu hamsini na mbili haiingii hapo.

Neno "uchapishaji" lenyewe halistahimili kikotoo cha simu. Mtu akigeuza tarakimu mbili alipokuwa anaandika, mathalani 84,300,000 ikawa 48,300,000, tofauti inayopatikana hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Jumlisha tarakimu za 352,000: tatu, tano na mbili ni kumi. Haigawanyiki kwa 9. Akikosea tarakimu moja tu, tofauti huwa na tarakimu moja ikifuatiwa na sufuri, kama 300,000 au 50,000. Hapa zipo tatu. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya baraza na kusema ni kosa la kuchapa alikuwa hajajaribu hata kulikokotoa. Alilitamka kwa sababu ndilo neno linalofunga mjadala.

Turudi kwenye karatasi zenyewe, maana majibu yote yalikuwa mezani. Kiambatisho C kinaorodhesha malipo hadi 31 Machi hivi: maandalizi ya eneo Sh 38,500,000, msingi na zege Sh 126,400,000, kuta na nguzo Sh 97,800,000, paa Sh 84,300,000, vyoo na maji taka Sh 31,600,000, umeme Sh 22,400,000. Ukijumlisha kwa mkono wako mwenyewe, bila kuiamini jumla iliyochapwa chini, unapata 401,000,000. Kiambatisho kinajitosheleza.

Ndani ya taarifa matumizi hayo hayo yamewekwa katika mafungu matatu. Maandalizi na msingi ni Sh 187,652,000, jengo ni Sh 182,100,000, na huduma za ndani ni Sh 31,600,000. Hapa ndipo kazi ilipopaswa kuanza. Linganisha fungu kwa fungu, usilinganishe jumla kuu peke yake. Kwenye kiambatisho, maandalizi na msingi vinatoa Sh 164,900,000, kwa hiyo taarifa imezidi kwa Sh 22,752,000. Jengo linalingana kabisa. Huduma za ndani kwenye kiambatisho ni Sh 54,000,000, kwa hiyo taarifa imepungua kwa Sh 22,400,000.

Tazama kilichotokea. Kosa moja la karibu milioni ishirini na tatu linapandisha, jingine la zaidi ya milioni ishirini na mbili linashusha, na kinachobaki juu ya meza ni Sh 352,000. Katika mchezo wa kuvuta kamba, kamba isiposogea haina maana kwamba hakuna anayevuta. Ukubwa wa tofauti ya mwisho haukuambii chochote kuhusu ukubwa wa makosa yaliyoizaa, na ndiyo sababu hoja ya "haifiki moja kwa elfu" si hoja dhaifu tu bali si hoja. Aliyeitoa alipima salio la makosa akadhani amepima makosa.

Sasa tuyafuate yote mawili. Lililoshusha ni rahisi: Sh 22,400,000 ni mstari wa umeme, shilingi kwa shilingi. Tofauti ikilingana sawasawa na mstari mmoja wa jedwali, mstari huo umeachwa upande mmoja. Katika Ekseli huwa ni jambo la sekunde chache. Mistari mitano ilikuwepo, fomula ikaandikwa, kisha wa sita ukaongezwa chini yake na fomula haikufuatiliwa:

```
=SUM(C5:C9)
```

Mstari wa umeme ukikaa C10, fomula hiyo haiuoni. Matokeo huwa yale yale tarakimu ikiwa imeingizwa kama maandishi, kwa mfano ikibandikwa kutoka kwenye waraka mwingine. Mtu anaiona kwenye jedwali, fomula inairuka.

Lakini kabla hatujaisingizia Ekseli, tusome maneno ya taarifa. Aya ya maelezo ya kazi inasema kazi za umeme "zitaanza robo ijayo". Kiambatisho kinasema zimelipiwa Sh 22,400,000. Huenda ni malipo ya vifaa vilivyokwisha kufika eneo la kazi, jambo ambalo mkataba unaweza kuliruhusu kwa masharti. Huenda ni fedha iliyotoka bila kazi kufanyika. Sijui ni lipi, na baraza nalo halijui, ila baraza lilikuwa na mamlaka ya kuuliza na likachagua kurekebisha uchapishaji.

Lililopandisha ndilo baya zaidi. Gawa 22,752,000 kwa mstari wa msingi na zege, 126,400,000. Jibu ni 0.18 kamili. Asilimia 18 ni Kodi ya Ongezeko la Thamani. Maana yake, aliyeandika taarifa alichukua gharama ya msingi ikiwa na kodi ndani, pengine kutoka kwenye hati ya malipo, na mistari mingine akaichukua kwenye kiambatisho. Na chini ya Kiambatisho C, kwa herufi ndogo ambazo nadhani hazikusomwa na mtu yeyote mezani, kumeandikwa kwamba bei zote hazijajumuisha kodi hiyo.

Hapo tofauti inaacha kuwa ya milioni ishirini. Kama bei zote 6 hazina kodi, na malipo yote yanatozwa kodi, basi fedha iliyotoka si Sh 401,000,000. Ni Sh 473,180,000. Gharama ya mkataba, kodi ikiwa ndani, ni Sh 520,000,000. Taarifa inajigamba kwamba fedha iliyotumika ni asilimia 77 na kazi iliyofanyika ni asilimia 78, mwendo wa kupendeza kabisa. Kwa hesabu ya kweli fedha iliyotumika ni asilimia 91. Baraza linaamini limebakiwa na Sh 118,648,000 za kumalizia zaidi ya humusi ya soko. Limebakiwa na Sh 46,820,000.

Na yale "marekebisho madogo" yamefanya nini? Yameshusha jumla kutoka 401,352,000 hadi 401,000,000, yaani yameisogeza mbali zaidi na ukweli kwa laki tatu na elfu hamsini na mbili, kisha yakazilinganisha karatasi mbili ili mkaguzi wa ndani, au mtu mwingine yeyote atakayekuja kulinganisha jumla kuu peke yake, akute kila kitu shwari. Tarakimu zile mbili zilizokuwa zinagombana zilikuwa zinawafanyia madiwani kazi. Wamezipatanisha kwa nguvu. Sielewi ni uvumilivu gani unaotakiwa kuuita huu utaratibu wa kawaida wa vikao, wala kwa nini diwani aliyeuliza ndiye aliyeonekana msumbufu.

Nikubali mpaka wa zoezi hili. Jumla ya taarifa na jumla ya kiambatisho zikilingana, hilo linathibitisha kwamba karatasi mbili zimekubaliana, basi. Halithibitishi kwamba nondo ziko ndani ya nguzo. Na kama zote mbili zimenakiliwa kutoka jedwali moja lenye kosa, zitalingana vizuri sana zikiwa na kosa hilo hilo, ndiyo maana mistari hujumlishwa upya badala ya kulinganisha jumla zilizochapwa. Lakini mipaka hii ni ya pale zinapolingana. Hapa hazikulingana.

Kikao cha robo ya nne bado hakijafika, na malipo ya mwisho bado hayajatoka. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inaweza kumtaka Mkurugenzi alete karatasi tatu: hati ya malipo ya mstari wa umeme pamoja na kumbukumbu ya vifaa vilivyopokelewa, hati zote za malipo ya mkandarasi zikionyesha kodi, na taarifa yenyewe ikiwa na 401,352,000 yake ya awali. Hiyo ya tatu iwe nakala iliyogongwa mhuri siku ya kikao, si faili lililorekebishwa baadaye.