Kimara asubuhi: tunaomba foleni mbili, si moja



Nina neno kwa wanaosimamia vituo vya mwendokasi hapa Dar es Salaam. Uhaba wa mabasi umeshalalamikiwa sana, nami sina jipya la kuongeza. Langu ni namna tunavyopangwa pale mlangoni, au tuseme tunavyoachwa bila kupangwa.

Anayepandia Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi anajua kuwa kuna abiria wa aina mbili. Wapo wanaotaka siti, na wako radhi kuacha basi moja au hata mawili yapite ili wakae mpaka Kivukoni. Wapo wanaotaka kuwahi tu, hata kwa kusimama. Wote tunasukumana kwenye mlango mmoja. Basi likifika, wa mbele wanaingia, viti vinajaa kufumba na kufumbua, kisha watu wanakwama. Anayefuata mlangoni ni mtu wa siti. Ameona viti vimeisha, haingii, na hasogei pia, maana akisogea atapoteza zamu yake kwa basi linalofuata. Aliye nyuma yake, ambaye kusimama kwake si tatizo, hana pa kupita isipokuwa chini ya kwapa la mwenzake, na hapo ndipo simu na pochi zinapoyeyuka. Matokeo yake basi refu la mita 18, lililoundwa kubeba watu wapatao 150, linaondoka lina nafasi katikati huku mlangoni watu wamebanana hadi mlango unagoma kufunga.

Halafu kuna wanaogeuza. Hawa hupandia Korogwe, Baruti au hata Ubungo, kwenye basi linalokuja Kimara, na likifika hawashuki. Sisi tuliojipanga tunafunguliwa mlango tunakuta viti vina wenyewe. Wengi huwatukana. Mimi siwalaumu sana, kwa sababu anayekaa Kibo au Kona asipogeuza, mabasi yatampita yamejaa mpaka jua lichomoze vizuri. Ila dawa yake haiwezi kuwa kelele za abiria kwa abiria. Basi lishushe watu wote upande wa kushushia, lije upande wa kupakia likiwa tupu, na aliyegeuza aje kwenye foleni kama sisi. Na ili huyo wa Kibo asionewe, mabasi machache ya asubuhi yaanzie Baruti yakiwa matupu.

Foleni yenyewe iwe mbili kwa kila mlango: ya kukaa na ya kusimama. Msimamizi anaruhusu ya kukaa kwanza mpaka viti vijae, anaisimamisha nyuma ya mstari, kisha anaruhusu ya kusimama ipite pembeni yake. Mtu wa siti hapotezi zamu, kwa hiyo hana sababu ya kuziba mlango. Jambo hili halihitaji mtambo wowote. Kwenye baadhi ya stesheni za treni Japani, sakafuni huchorwa mistari ya wanaopanda treni hii na mingine ya wanaongoja ijayo, na watu huifuata.

Lakini mstari wa rangi hauna maana kama dereva anasimama anapojisikia. Leo mlango unafunguka mbele yako, kesho umesogea hatua nne, na foleni nzima inageuka mbio. Aliyekuwa wa kwanza anakuwa wa mwisho, na mara nyingi huyo ni mama mjamzito au mzee. Dereva awekewe alama ya kusimamia, na aifuate.

Vituo vya katikati navyo vina shida yake, ya kushuka. Aliyepandia Kimara husukumwa hadi kwenye maungio ya basi, mbali na mlango. Kama anashukia Fire, inabidi aanze kuomba njia tangu Magomeni, na bado akifika mlangoni anakutana na ukuta wa watu wanaopanda. Waliosimama mlangoni ambao hawashuki wangetoka nje kidogo kumpisha, ila wanaogopa wakitoka hawatarudi ndani. Hofu hiyo ni ya haki. Itakwisha pale tu wanaopanda watakapotakiwa kusimama pande mbili za mlango, katikati pakabaki wazi mpaka wa mwisho ashuke.

Nawaomba wahusika wajaribu wiki moja tu, Kimara, saa za asubuhi: kopo la rangi ya njano, na msimamizi mmoja kwa kila mlango. Na wewe abiria mwenzangu unayengoja siti, wakati tunasubiri hilo, tafadhali kaa pembeni ya mlango utupishe sisi tunaosimama.

Wako,
Abiria wa Kimara
Dar es Salaam