Swali moja kabla ya saa sita usiku

MTAA WA MASHARIKI
Na Rehema Kilonzo

Mwezi wa Juni ukielekea ukingoni, simu za vijana wa saiba kule madukani Buruburu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kaka, nifailie ritani za KRA leo, leo ndio mwisho. Haraka tafadhali." Basi. Hamna PIN, hamna nywila, hamna neno kuhusu kazi wala biashara. Mtu ametaja siku ya mwisho akadhani ametaja yote.

Siku yenyewe ameitaja sawasawa. Ritani ya mapato ya mwaka 2025 inatakiwa iwe imeingia kwenye iTax kufikia 30 Juni 2026, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo haraka yake si ya bure, na kijana wa saiba anayemjibu saa tatu usiku hana muda wa kupoteza.

Hapo ndipo wengi wao huchagua njia ya mkato. Kwenye menyu ya Returns kuna pahali palipoandikwa "File Nil Return". Ni dakika chache tu, risiti inatoka, mteja anatumiwa, anashukuru, analipa. Ukiwa na foleni ya watu mlangoni, ritani ya sufuri ndiyo jibu la haraka kuliko yote. Nasema wazi kwamba ndilo jibu baya kuliko yote pia, kwa sababu ni tamko mbele ya serikali kuwa mtu huyu hakupata mapato yoyote mwaka mzima, na aliyelitoa hakumuuliza.

Chukua kijana aliyeajiriwa Industrial Area kwa mshahara wa Sh40,000, akafanya kazi Januari hadi Mei 2025, kisha akaachishwa. Mwaka mmoja baadaye bado anatafuta kazi. Akiulizwa "una kazi?" atajibu hana, na atakuwa amesema kweli. Lakini ritani haiulizi habari za leo. Inauliza habari za mwaka uliopita, na katika mwaka huo alipata Sh200,000.

Tena hesabu yake ina jambo ambalo wengi hawalijui. Mwajiri hukata PAYE mwezi kwa mwezi, akichukulia kwamba mshahara ule utaendelea hadi Desemba. Baada ya kuondoa NSSF, SHIF na ada ya nyumba, kijana huyu alikatwa zaidi kidogo ya Sh3,000 kila mwezi, yaani zaidi ya Sh15,000 kwa miezi mitano. Mwaka unapohesabiwa mzima, mapato yake yote yanaangukia kwenye ngazi ya chini ya asilimia 10, ambayo hufika hadi Sh288,000. Ushuru wake hapo hauzidi Sh18,000, na nafuu ya kibinafsi kwa mwaka ni Sh28,800. Ina maana kwamba hadaiwi chochote, na zile pesa alizokatwa anaweza kuziomba zirudishwe. Ritani ya sufuri inamnyang'anya haki hiyo bila yeye kujua, kwa sababu ya kukimbia faini ya Sh2,000.

Wala asidhani KRA haitaona. Kila mwezi, kufikia tarehe 9, mwajiri huwasilisha orodha ya wafanyakazi, PIN zao na kiasi walichokatwa. Ndiyo maana mwenye mshahara pekee akifungua ritani yake siku hizi hukuta sehemu kubwa imekwisha kujazwa. Anayetangaza sufuri anapingana na karatasi ambayo tayari iko mezani.

Wako wengine, hasa vijana waangalifu, wanaokosea upande wa pili. Wakipata ule ujumbe, wanarudisha maswali kumi: PIN, nywila, barua pepe, fomu ya P9, jina la mwajiri, akaunti ya benki, bima, mkopo wa nyumba, na mengine. Yote yana mahali pake. Lakini mtu aliye ndani ya matatu kwenye foleni ya Jogoo Road atajibu mawili, aseme mengine atayatafuta akifika nyumbani, na saa nne imepita. Orodha ndefu humfanya aliye na haraka ajibu kile kilicho rahisi, si kile kinachohitajika.

Mimi naamini jibu zuri lina sehemu mbili na linatoka papo hapo. Ya kwanza ni lile ambalo ni kweli kwa kila mteja, awe na kazi au asiwe nayo, kwa hiyo halihitaji kusubiri. Ya pili ni swali moja, lile ambalo jibu lake litabadilisha ukurasa utakaofunguliwa. Linaweza kuandikwa hivi:

"Sawa kaka, bado tuna muda. Tayarisha PIN na nywila, na sasa hivi jaribu kufungua barua pepe uliyosajili iTax. Niambie moja tu: mwaka jana pesa zako zilitoka wapi? Mshahara, biashara, nyumba ya kupangisha, au hukupata kabisa?"

Barua pepe imetajwa kwa sababu. Ukisahau nywila ya iTax, maelezo ya kuweka mpya hutumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa, na watu wengi hapa Eastlands walifunguliwa PIN na saiba fulani miaka iliyopita kwa barua pepe ya saiba hiyo. Ikiwa imefungwa, mteja amekwama. Jambo hilo si rahisi kulirekebisha usiku. Huenda likamlazimu kwenda ofisi ya KRA au Huduma Centre, na ya karibu nasi iko Makadara. Ni heri alijue saa kumi jioni kuliko saa tano na nusu usiku.

Nalo swali limeandikwa vile kwa makusudi. Linataja mwaka jana, ili aliyepoteza kazi asijibu kuhusu leo. Linataja nyumba ya kupangisha, kwa sababu Buruburu ina wazee wastaafu wengi walioongeza vyumba nyuma ya nyumba zao na hawahesabu pango kuwa mapato, ilhali pango likizidi Sh288,000 kwa mwaka lina ushuru wake wa asilimia 7.5 unaowasilishwa kila mwezi. Na linajibika kwa neno moja, hata na aliyesimama ndani ya matatu. Akijibu "mshahara", unaomba P9 na kuendelea na ritani ya ajira pekee. Akijibu "sikupata", ritani ya sufuri ni halali na inakwisha mara moja.

Je, asipojibu kabisa? Wenye saiba huniambia kwamba heri kufaili sufuri kuliko mteja kupigwa faini. Sikubaliani nao. Faini ya kuchelewa inajulikana, inalipwa na kwisha. Tamko lisilo la kweli laweza kurekebishwa, sheria inaruhusu kuomba hivyo ndani ya miaka mitano, lakini maombi hayo hupitia kwa KRA na huhitaji maelezo na vielelezo, na atakayebeba mzigo huo ni mteja, kwani PIN ni yake. Mwandikie mapema kwamba bila jibu lake hutafaili, kisha utimize neno lako.

Nanyi mnaotuma ujumbe dakika za mwisho, ongezeni sentensi moja tu: mwaka jana pesa zenu zilitoka wapi.